Simu Nne kwa Miezi Mitatu

Masika yakishika Arusha, hoteli ndogo za watalii hupoa. Magari ya safari hulala uani, vyumba hubaki vitupu, na mhasibu hupata nafasi ya kupitia matumizi mstari kwa mstari. Akifika kwenye ada ya fundi kompyuta, anasimama. Shilingi 800,000 kila mwezi, na kuanzia Aprili hadi Juni fundi kaitwa mara nne tu. Mafundi wote wanaofanya kazi kwa mkataba wa mwezi wanalijua swali linalofuata: hii hela tunalipia nini?

Tuchukue hoteli ya mfano yenye vyumba 30. Mkataba wake unampa mwenye hoteli saa 20 za kazi kwa mwezi, yaani 40,000 kwa saa. Januari hadi Machi zilipigwa simu 31 na fundi alitumia saa 54 kati ya 60. Aprili hadi Juni simu zikawa nne, na saa 17. Ukigawa 2,400,000 kwa saa 17 unapata kama 141,000 kwa saa. Mhasibu ataifanya hesabu hii hata fundi asipoiandika, na akiifanya peke yake ataifanya kwa hasira. Kwa hiyo barua ya kuomba mkataba uhuishwe ianze nayo.

Barua nyingi za namna hii huanza na “Husika na kichwa cha habari hapo juu”, kisha aya nzima ya kushukuru ushirikiano mzuri. Mwenye hoteli anaisoma akiwa amesimama mapokezi. Hana muda huo. Ya kwetu inaingia moja kwa moja:

“Ndugu Mkurugenzi, katika miezi mitatu iliyopita mmelipia saa 60 na tumetumia 17. Sipendekezi tuendelee hivyo. Napendekeza ada mpya ya 600,000, na ripoti ya aina nyingine, kwa sababu ripoti ninayowaletea sasa haiwaonyeshi mnachonunua.”

Baada ya hapo fundi aeleze ukimya umetoka wapi, na hapa ndipo wengi huharibu. Kishawishi ni kusema simu zimepungua kwa sababu kazi yake ni nzuri. Mwenye hoteli anajua wageni hawakuwepo, na sifa hiyo ataiona ya bure. Afadhali daftari lisemwe lilivyo. Kati ya zile simu 31, 17 zilihusu intaneti ya ghorofa ya juu. Mwishoni mwa Machi ruta mbili za ghorofa hiyo zilibadilishwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyepiga simu kulalamikia intaneti. Zinabaki simu 14. Vyumba vilivyokuwa na wageni vilishuka kutoka wastani wa 24 hadi 10, kwa hiyo 14 zingetarajiwa kushuka hadi kama sita. Zimekuja nne. Ruta zimesaidia sana, masika nayo yamechangia, na fundi anayekiri la pili huaminiwa kwa la kwanza.

Sasa zile saa 17. Simu nne zilichukua saa tano. Saa 12 zilizobaki zilikwenda kwenye kusasisha programu, kukagua kamera za ulinzi na kuangalia kama nakala rudufu za orodha ya wageni zinahifadhiwa. Hakuna aliyeziona, maana ripoti ya zamani ni jedwali la simu tu: tarehe, tatizo, limetatuliwa. Ripoti ya namna hiyo humpandisha fundi hadhi mambo yanapoharibika na kumshusha yanapokaa sawa. Mbaya zaidi, humfundisha kujaza. Mwezi ukiwa mtupu utaona “kukagua nyaya” imeandikwa mara sita, na mhasibu si mtoto.

Ripoti mpya ni ukurasa mmoja. Juu kabisa inakaa saa zilizotumika na zilizobaki. Chini yake ndiyo sehemu yenye uzito, yaani jaribio la kurejesha kumbukumbu. Kuandika “nakala zimehifadhiwa” hakumhakikishii mtu chochote, kwa kuwa faili linaweza kuwepo na lisifunguke. Fundi anachukua nakala ya usiku mmoja, anaipeleka kwenye kompyuta nyingine, anaifungua, kisha anaandika hivi: “Nakala ya Juni 12 imerejeshwa kwa dakika 35. Msimamizi wa mapokezi amefungua orodha ya wageni wa usiku huo na kuilinganisha na kitabu. Majina yote yamo.” Msimamizi anatia sahihi pembeni. Mwenye hoteli asiyejua lolote kuhusu seva anaelewa hapo hapo kwamba kompyuta ya mapokezi ikifa asubuhi ya Julai, wakati wageni wamejipanga na mabegi, anasubiri zaidi ya nusu saa kidogo, si siku mbili.

Kisha vinakuja vitu vinavyokaribia kuisha: leseni za programu, jina la tovuti, betri za akiba za mapokezi ambazo zimeanza kuchoka. Mwisho ni jambo moja, moja tu, linalohitaji uamuzi wa mwenye mali na bei yake. Akiwekewa matano atayaahirisha yote.

Lisiingie kwenye ripoti wala kwenye barua lile neno la “mtandao utapatikana kwa asilimia 99”. Umeme ukikatika au kampuni ya intaneti ikikwama, fundi hana la kufanya, na ahadi hiyo ndiyo itakayonukuliwa siku ya ugomvi.

Kuhusu ada, barua iigawe mbele ya macho ya mlipaji. Shilingi 200,000 ni za kukaa tayari: fundi anafika ndani ya saa mbili, hata Jumapili. 400,000 ni za saa kumi kwa bei ile ile ya 40,000. Zikizidi saa kumi, kila saa inalipiwa 40,000. Bila mgawanyo huo mhasibu atagawa 600,000 kwa kumi na kusema bei imepanda. Barua iseme pia upande usiopendeza: mwezi kama wa Januari, wenye saa 18, utagharimu 920,000, zaidi ya ada ya zamani. Wakichukulia miezi sita ya pilika na sita ya utulivu, mwaka unafika 9,120,000 badala ya 9,600,000. Nafuu si kubwa. Faida kwa hoteli ni kwamba bili inapungua wakati mapato yamepungua.

Mteja atauliza kama saa zisizotumika zinahamia mwezi unaofuata. Ukikubali bila kikomo, Julai inafika na deni la saa zilizolimbikizwa, wiki ile ile ambayo hoteli zote mjini zinakuita. Saa tatu, za mwezi mmoja mbele, zinatosha.

Mhasibu naye akumbushwe kwamba kodi ya zuio ya asilimia 5 inakatwa kwenye malipo ya huduma, hivyo ankara ya 600,000 italipwa 570,000, na fundi adai cheti cha makato.

Barua ipelekwe kwa mkono kabla ya Juni kuisha, ikiwa na mfano wa ripoti mpya uliojazwa kwa taarifa za Juni yenyewe. Na iwe na sharti moja linalomuuma mwandishi wake: mwezi ambao jaribio la kurejesha nakala halikufanyika, hoteli ina haki ya kutolipa zile 200,000.