Inua mchago, si mito

Kiungulia cha usiku kina ukali wake. Mtu akiwa amesimama, tindikali ikipanda kwenye umio hushuka yenyewe, na mate anayomeza kila mara huusafisha. Akilala, mteremko umekwisha. Usingizini mate hupungua na hamezi mara nyingi. Tindikali iliyopanda hukaa palepale ikiunguza.

Tuseme dereva wa daladala anafunga kazi saa nne usiku. Saa nne na nusu anakula sahani ya ugali na samaki wa kukaanga, saa tano yuko kitandani. Saa saba anashtuka kifua kinawaka, maji machungu yako kooni. Ameongeza mito hadi mitatu, na hali ikazidi. Wala si ajabu: mito humkunja mtu kiunoni na kulibana tumbo, na tumbo lililobanwa husukuma vilivyomo juu. Kinachotakiwa ni kiwiliwili chote kilale kwa mteremko.

Hapo anahitajika seremala. Achonge vipande viwili vya mbao ngumu, kimo sentimita 15 hadi 20, kila kimoja na kishimo juu ili mguu wa kitanda usiteleze. Vinawekwa mchagoni tu. Mwanzoni mlalaji atajikuta akiserereka kuelekea miguuni, basi aanze na kimo kidogo. Kama mwenzake hataki mteremko, sponji ngumu iliyokatwa mshazari, inayoanzia kiunoni, itamfaa yeye peke yake. Kulalia ubavu wa kushoto pia husaidia, kwa kuwa mlango wa umio hubaki juu ya tindikali iliyomo tumboni.

Saa za kula ndizo ngumu. Inashauriwa zipite saa tatu kati ya mlo na kulala, na dereva huyu hazipati. Anachoweza ni kuhamisha mlo: ale cha kushiba mchana, aongeze kidogo kituoni jioni, na nyumbani aonje tu, tena kisicho na mafuta mengi, maana mafuta hukawiza tumbo kumaliza kazi. Maziwa ya kulalia hutuliza kwa muda mfupi, kisha yanakuwa chakula kingine. Wanaokula daku na kurudi kulala wanaijua shida hii.

Kitambi nacho hulikandamiza tumbo usiku kucha. Mwenye uzito uliozidi akipunguza hata kilo chache huweza kuona nafuu, ingawa ni kazi ya miezi. Mwembamba asijinyime chakula. Kwake mchago na saa za kula vinatosha kujaribiwa.

Lakini chakula kikikwama kooni, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami au ukikonda bila sababu, nenda hospitali. Maumivu ya kifua yanayokuja na jasho, au yanayosambaa mkononi na tayani, yapelekwe usiku uleule: huenda ni moyo.