Msimamizi wa Kompyuta Anapokataliwa Kusakinisha Programu

Duka la vipuri limenunua programu ya hesabu kutoka kwa fundi wa mjini. Imekuja kwenye flashi, pamoja na faili dogo liitwalo setup.bat ambalo kazi yake ni kutengeneza folda ndani ya C:\Program Files na kunakili programu humo. Karani anabofya mara mbili. Dirisha jeusi linafunguka, yanapita maandishi Access is denied, kisha linafungika. Karani anakagua akaunti yake: chini ya jina lake imeandikwa Administrator. Yeye ndiye msimamizi, na bado kakataliwa.

Flashi ni nzima, na akaunti haina kasoro. Tangu Windows Vista, iliyofika madukani 2007, msimamizi anapoingia kwenye akaunti yake hupewa vitambulisho viwili. Kimoja kina haki zote za usimamizi. Cha pili kimepunguzwa, kinalingana na cha mtumiaji wa kawaida. Programu zote anazofungua kwa kubofya tu hutembea na hiki cha pili. Kile kikubwa hakitumiki mpaka kiombwe, ndipo skrini inapofifia na swali la Yes au No linapotokea. Maana yake ni kwamba kirusi kilichoingia kupitia kiambatisho cha barua pepe hakiwezi kuandika ndani ya folda za mfumo kimyakimya, hata kama aliyekifungua ni msimamizi.

C:\Program Files na C:\Windows ndizo folda zinazolindwa kwa namna hiyo. Mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kusoma na kuendesha vilivyomo, lakini si kuongeza wala kubadilisha. Programu nyingi za kusakinisha huomba haki kubwa zenyewe. Faili la .bat haliombi, ndiyo maana karani hakuliona lile swali kabisa. Ukitaka kujua dirisha la amri ulilolifungua linatumia kitambulisho kipi, andika humo:

```
whoami /groups | find "Mandatory Level"
```

Likijibu Medium Mandatory Level, una kile kilichopunguzwa. High Mandatory Level ndicho kikubwa.

Dawa ni kubofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Run as administrator. Karani akifanya hivyo, Access is denied inaondoka, lakini huenda sasa akaambiwa faili la kunakiliwa halionekani. Hapa wengi hukata tamaa, na sababu ni ndogo sana: faili la .bat likiendeshwa kwa haki za msimamizi huanzia kazi kwenye C:\Windows\System32, si kwenye flashi, kwa hiyo linatafuta programu mahali isipokuwepo. Fundi aongeze mstari huu juu ya amri za kunakili:

```
cd /d "%~dp0"
```

Unalirudisha kwenye folda ambamo faili lenyewe limo, na programu inaingia.

Ipo njia ya mkato ambayo mafundi huwapa watu, nami naipinga kwa nguvu zote: kubadilisha ruhusa za Program Files ili kila mtu aweze kuandika humo. Ukishafanya hivyo, programu yoyote chafu inayotembea na haki ndogo inaweza kubadilisha faili la programu ya hesabu na kuweka lake. Siku msimamizi atakapoliendesha kwa haki zote, atakuwa ameikabidhi kompyuta nzima.

Programu ikishasakinishwa, karani anaifungua, nayo inashindwa kuunda faili la kumbukumbu za mauzo ndani ya Documents. Hata Run as administrator haisaidii. Hiki ni kizuizi kingine kabisa, kiitwacho Controlled folder access, kilicholetwa kwenye Windows 10 mwaka 2017 kuzuia virusi vinavyofunga mafaili ya watu na kudai fidia. Chenyewe hakiulizi wewe ni nani. Kinaangalia kama programu inaaminika. Programu ya fundi wa mjini, isiyojulikana kwingine, inaweza kuzuiwa hata mbele ya msimamizi. Kwa kawaida huwa kimezimwa, kwa hiyo ukikikuta kinafanya kazi, kuna mtu aliyekiwasha.

Cha kutazama ni Windows Security, sehemu ya Protection history. Kama kimehusika, jina la programu na folda iliyokataliwa vitakuwa vimeandikwa humo. Kama hakuna kitu, rudi kwenye suala la haki za msimamizi. Kukizima chote ni kuacha picha na nyaraka zote za duka bila ulinzi. Nenda Virus & threat protection, kisha Manage ransomware protection, halafu Allow an app through Controlled folder access, uiruhusu programu hiyo moja, baada ya kuthibitisha kwa fundi kwamba faili lililo mbele yako ndilo alilotoa.