Usawazishaji wa elektroni na chaji katika mlinganyo wa redoksi

Usawazishaji wa elektroni na chaji ni sehemu ya uandishi wa mlinganyo wa redoksi, yaani mmenyuko wa kikemia ambamo elektroni zinahama kutoka dutu moja kwenda nyingine. Dutu inayopoteza elektroni hupata oksidisho. Ile inayozipokea hupata upunguzaji. Mlinganyo wa aina hii unaweza kuwa na idadi sawa ya atomi pande zote mbili na bado ukawa na kosa. Mwanafunzi aliyehesabu atomi peke yake hushangaa kuona jibu lake limekatwa.

Mfano mfupi ni waya wa shaba uliotumbukizwa katika mmumunyo wa nitrati ya fedha. Wengi huandika hivi:

Cu + Ag⁺ → Cu²⁺ + Ag

Kuna shaba moja na fedha moja kila upande, kwa hiyo atomi ziko sawa. Lakini chaji ya upande wa kushoto ni +1, na ya upande wa kulia ni +2. Shaba imetoa elektroni mbili, ioni ya fedha imepokea moja, na elektroni ya pili haijulikani ilikokwenda. Haiwezi kubaki ikielea ndani ya maji, wala chaji haiwezi kuzuka au kutoweka. Ioni mbili za fedha zinahitajika kwa kila atomi moja ya shaba:

Cu + 2Ag⁺ → Cu²⁺ + 2Ag

== Pamanganeti na chuma ==

Katika mfano wa shaba kosa huonekana haraka. Hujificha zaidi katika mmenyuko wa ioni ya pamanganeti (MnO₄⁻) na ioni ya chuma(II) ndani ya asidi, ambao hutumika sana katika maabara za shule. Jibu linalokatwa mara nyingi ni hili:

MnO₄⁻ + Fe²⁺ + 8H⁺ → Mn²⁺ + Fe³⁺ + 4H₂O

Ukihesabu atomi hutaona kosa: manganisi moja, chuma moja, oksijeni nne na hidrojeni nane kila upande. Sasa hesabu chaji. Kushoto kuna −1, +2 na +8, jumla +9. Kulia kuna +2 na +3, jumla +5. Tofauti ni 4, na tofauti hiyo inaeleza kosa lenyewe: zimekosekana elektroni nne ambazo zingetolewa na ioni nne zaidi za chuma.

Njia ya kuepuka kosa hili ni kuandika kila nusu ya mmenyuko peke yake. Nusu ya chuma ni rahisi, kwani ioni inapoteza elektroni moja:

Fe²⁺ → Fe³⁺ + e⁻

Chaji ni +2 kushoto; kulia ni +3 na −1, yaani +2. Nusu ya pamanganeti huanza na MnO₄⁻ → Mn²⁺. Oksijeni nne za kushoto husawazishwa kwa kuweka molekuli nne za maji kulia, kisha hidrojeni nane za maji hayo husawazishwa kwa kuweka H⁺ nane kushoto. Hapo ndipo chaji huhesabiwa: kushoto ni −1 na +8, yaani +7, kulia ni +2. Ili kushuka kutoka +7 hadi +2 tunaongeza elektroni tano upande wa kushoto:

MnO₄⁻ + 8H⁺ + 5e⁻ → Mn²⁺ + 4H₂O

Wapo wanaoandika elektroni tatu hapa, kwa kuwa wameona chaji ya ioni ikibadilika kutoka −1 hadi +2. Wamesahau kwamba ile −1 ni chaji ya ioni nzima pamoja na oksijeni zake. Manganisi yenyewe ina namba ya oksidisho +7 ndani ya pamanganeti na inashuka hadi +2, hivyo inapokea elektroni tano. Wengine huziweka elektroni upande wa kulia; kosa hilo hujifichua mara moja, kwa sababu chaji inakuwa +7 kushoto na −3 kulia.

Kila pamanganeti inataka elektroni tano, na kila chuma hutoa moja. Basi nusu ya chuma huzidishwa kwa tano kabla ya kujumlisha, na elektroni zikatane zote:

MnO₄⁻ + 5Fe²⁺ + 8H⁺ → Mn²⁺ + 5Fe³⁺ + 4H₂O

Chaji sasa ni +17 kila upande. Si lazima iwe sifuri. Inatakiwa tu iwe sawa. Elektroni ikibaki popote katika mlinganyo wa mwisho, hatua ya kuzidisha imekosewa.

== Athari katika hesabu ==

Kosa hili haliishii kwenye alama moja ya mlinganyo. Tuseme sentimita za ujazo 25.0 za mmumunyo wa chuma(II), wenye asidi ya kutosha, zimehitaji sentimita za ujazo 20.0 za pamanganeti yenye ukolezi wa moli 0.02 kwa lita, hadi rangi hafifu ya waridi ilipobaki. Pamanganeti iliyotumika ni moli 0.0004. Kwa uwiano sahihi wa 1 kwa 5, chuma ni moli 0.002, na ukolezi wake ni moli 0.08 kwa lita, karibu gramu 4.5 za chuma katika lita moja. Aliyetumia uwiano wa 1 kwa 1 atapata moli 0.016 kwa lita, yaani gramu 0.9 hivi. Bureti ilisomwa vizuri, lakini chuma kimepungua mara tano kwenye karatasi.

Idadi ya elektroni hutegemea pia mazingira. Asidi ikiwa haitoshi, mashapo ya kahawia ya MnO₂ huanza kuonekana kwenye chupa. Hapo manganisi imeishia kwenye +4 na kupokea elektroni tatu tu, kwa hiyo hesabu ya elektroni tano haifai tena.

== Chaji ikiwa sawa na jibu likiwa na kosa ==

Kulingana kwa chaji ni sharti la lazima, ila peke yake hakutoshi. Tazama pamanganeti na peroksidi ya hidrojeni ndani ya asidi:

2MnO₄⁻ + H₂O₂ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 3O₂ + 4H₂O

Atomi ziko sawa, na chaji ni +4 kila upande. Hata hivyo jibu hili si sahihi. Manganisi mbili zinahitaji elektroni kumi, na molekuli moja ya peroksidi hutoa mbili tu:

H₂O₂ → O₂ + 2H⁺ + 2e⁻

Tena, molekuli tatu za O₂ zina atomi sita za oksijeni, wakati peroksidi ilileta mbili. Nne zilizobaki zingepaswa kutoka kwenye pamanganeti yenyewe au kwenye maji, jambo ambalo nusu hiyo ya mmenyuko haisemi. Zikihitajika elektroni kumi, peroksidi lazima ziwe tano:

2MnO₄⁻ + 5H₂O₂ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 5O₂ + 8H₂O

Chaji bado ni +4 pande zote mbili, kama ilivyokuwa katika jibu lenye kosa. Milinganyo hii miwili hutofautishwa kwa kuhesabu elektroni katika kila nusu.