Riba ilipanda, shilingi ikaendelea kushuka

Tarehe 5 Desemba 2023, Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5 kwa mkupuo mmoja. Kwa kawaida hatua kama hiyo huipa sarafu nguvu. Riba ya benki kuu ikipanda, riba ya dhamana za serikali nayo hupanda, na wenye dola huzibadilisha ili wanunue dhamana hizo. Shilingi ikitafutwa na wengi, bei yake hupanda.

Lakini siku hiyo dola moja iliuzwa kwa takriban shilingi 153, na kufikia mwisho wa Januari ilikuwa imepita 160.

Tumfikirie mwekezaji mwenye dola 1,000. Akizibadilisha kwa 153 anapata shilingi 153,000. Akinunua dhamana ya mwaka mmoja yenye riba ya asilimia 15, atalipwa 175,950. Dola ikibaki palepale, ataondoka na dola 1,150. Ikifika 180, atapata dola 977 na ushee, yaani amekula hasara licha ya riba nono. Kwa hiyo kabla ya kuitazama riba, yeye huuliza shilingi itakuwa wapi siku ya kulipwa.

Na wakati ule jibu lilitisha. Juni 2024 Kenya ilitakiwa kulipa deni la hatifungani ya dola bilioni 2, na haikujulikana zitatoka wapi. Wenye dola wakazikalia, waagizaji bidhaa wakazigombania. Hofu ya namna hii haitulizwi kwa nyongeza ya riba. Pengine nyongeza yenyewe huchukuliwa kuwa dalili kwamba mambo yameharibika.

Februari 2024 riba ilipanda tena hadi 13, lakini kwa maoni yangu kilichogeuza upepo ni kingine. Siku chache baadaye serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nje ili kununua sehemu kubwa ya deni lile mapema. Hofu ilipopoa, riba sasa ikafanya kazi yake: hatifungani ya miundombinu, isiyotozwa kodi na yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, ilivuta fedha za wageni. Ndani ya wiki chache dola ikashuka hadi kwenye 130 na kitu.

Kisha likaja jambo la kinyume. Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ilipunguza riba hatua kwa hatua, hadi 9.25 Oktoba 2025, na dola ikabaki karibu na 129 muda wote huo. Marekani nayo ilikuwa imeanza kupunguza riba Septemba 2024, hivyo pengo lililobaki bado lilimfaa mwekezaji. Zaidi ya hayo, wafanyabiashara walikuwa wameshaitarajia punguzo, na uamuzi unaotarajiwa huingia kwenye bei kabla haujatangazwa.