Tarakimu Zinazopotea Kwenye Kutoa

Fungua Python, uandike:

```
(1 + 1e-15) - 1
```

Jibu lilipaswa kuwa 1e-15. Kompyuta inaleta 1.1102230246251565e-15, yaani imezidisha kwa asilimia 11!

Namba ya desimali hapo hutunzwa kwa biti 64, na usahihi wake ni wa biti 53 tu. Kwa hiyo namba inayofuata baada ya 1 iko mbele kwa takriban 2.2e-16, hatua hiyo ndiyo epsiloni ya mashine. Hiyo 1e-15 ni hatua 4.5 na ushei, na nusu hatua haipo, basi kompyuta ikakadiria hatua 5.

Kosa liliingia wakati wa kujumlisha, likiwa dogo mno kando ya 1. Kutoa kwenyewe hakukukosea hata chembe: kulifuta tarakimu zilizofanana, kosa likabaki wazi.

Ukiandika (1 - 1) + 1e-15, jibu linatoka sawasawa.