Jina la Tovuti Hutajwa Kabla ya Kuandikwa

Wiki hii nimeulizwa tena: “Nitie maneno gani kwenye jina la kikoa ili Google inipandishe juu?” Hakuna. Swali linalofaa ni hili: mteja akilisikia jina lako mara moja kwenye simu, ataliandika sawasawa?

Imani ya maneno ya kupandisha ina chanzo chake. Zamani, jina lililofanana neno kwa neno na kile mtu anachotafuta lilisaidia kweli, na watu wakasajili majina marefu kama treni ya mizigo. Septemba 2012 Google ilitangaza badiliko la kuzishusha tovuti duni zilizobebwa na majina ya aina hiyo. Leo mwongozo wake kwa wenye tovuti unasema waziwazi kwamba maneno yaliyomo kwenye jina la kikoa, peke yake, karibu hayana athari yoyote katika kupanga matokeo. Maneno ya bidhaa yaandike ndani ya kurasa, mahali ambapo mnunuzi anayasoma. Bado wapo mafundi wanaouza dawa hii, na anayelipia ni mfanyabiashara. Hilo linaniudhi.

Mama mmoja anayeuza kanga na vitenge Kariakoo aliletewa jina hili na fundi wake: vitenge-bei-nafuu-kariakoo.co.tz. Ni herufi 23 na vistari 3 kabla ya kufika kwenye nukta. Mfumo unaruhusu hadi alama 63 katika sehemu hiyo, lakini sikio haliruhusu. Nilimwomba ampigie mteja wake aliyeko Mbeya na kulitaja. Mteja aliuliza kama dashi ni ya katikati au ya chini. Kisha akaandika “nafu” kwa u moja na “kariako” kwa o moja. Kosa moja tu linatosha: tovuti haifunguki, au inafunguka ya mtu mwingine. Oda iliyotumwa kwa baruapepe yenye kikoa kilichokosewa ni mbaya zaidi, kwa sababu kikoa hicho kikiwa na mwenyewe, huenda oda ikaishia kwake.

Wengine husema, basi nitamtajia herufi moja moja. Hapo ndipo sisi tunaozungumza Kiswahili tunanaswa. Tukitaja herufi, wengi wetu hutumia majina ya Kiingereza: E tunaiita “i”, I tunaiita “ai”, A tunaiita “ei”. Neno “bei” linageuka kuwa “bi, i, ai”, na anayesikiliza kwa sikio la Kiswahili anaandika i palipo na e. Kwa hiyo jina zuri ni lile lisilohitaji kutajwa herufi kwa herufi. Hapa lugha yetu inatupa nafuu kubwa, maana neno la kawaida la Kiswahili huandikwa karibu kama linavyotamkwa. Tatizo huanza tunapolipamba kwa x, kwa k mbili, au kwa 4 badala ya “kwa”.

Yule mama alipendekeza Doti, yaani jozi ya kanga. Herufi 4, na wateja wake wote wanalijua. Tukalitamka kwa sauti: “doti doti ko doti tizedi”. Likafa palepale. Kanga nalo tuliliacha, kwa kuwa wapo wanaoandika khanga. Tukafika kwenye Pindo, herufi 5, kila moja inasikika. Akawapigia watu watano, akalitaja mara moja bila maelezo, akawaomba wamtumie meseji ya walichosikia. Wanne waliandika pindo. Mmoja, aliyekuwa ndani ya daladala, aliandika bindo, nalo ni neno kamili. P na B hukaribiana mno kwenye simu yenye kelele. Tulilichukua Pindo, tukasajili na Bindo ili anayekosea aelekezwe palepale. Kama watatu wangekosea, tungelitupa.

Yaliyobaki ni ya haraka. Lenga neno moja, au mawili mafupi yanayozoeana. Ukiunganisha mawili, angalia yasikutanishe irabu mbili zinazofanana, maana moja itapotea. Usitie kistari wala tarakimu. Wateja wako wakiwa Tanzania, .co.tz inatosha; ukiuza nje pia, chukua na .com kama ipo wazi, na kama ina mwenyewe, ifungue uone ni nani, kwa kuwa baadhi ya wateja wako wataangukia huko. Pitia BRELA kabla ya kulipa, usije ukakalia jina la biashara ya mwingine. Sajili kwa jina lako na baruapepe yako, si ya fundi, na weka tarehe ya kulipia upya kwenye kalenda ya simu.