Duma, simba au fisi? Picha yako ya likizo ina majibu

Bila shaka, msomaji, unayo picha ya aina hii nyumbani kwenu. Mlikwenda mbugani wakati wa likizo, gari likasimama, mtu akapaza sauti, "Yule pale!" na kila mwenye simu akapiga picha. Mliporudi nyumbani mkakuta nyika pana, mbingu pana, na katikati yake alama nyeusi isiyozidi punje ya mtama. Baba akasema ni simba. Mtoto akasema ni duma. Mjomba ambaye hata hakuwa safarini akasema ni mbwa wa mtu.

Hayo ndiyo yaliyotokea kwa jirani yangu baada ya familia yake kuzuru Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Bintiye, mwanafunzi wa shule ya upili, alikuwa akiandaa albamu ya chama cha wanyamapori cha shuleni mwao, na chini ya picha hiyo alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: DUMA. Neno hilo si la kuandikwa kiholela. Duma ni nadra mno katika mbuga hiyo, na mtu akidai amemwona, wanaofuatilia wanyama wale watataka kujua ni wapi na saa ngapi. Binti akaniletea simu ya babake jioni moja na kuniuliza, "Mzee, nikabidhi hivi hivi au nifute?"

Picha zilikuwa tatu. Rangi ya mnyama haikuonekana hata kidogo, wala madoa. Simu ilikuwa imehifadhi saa ya kupigwa picha: saa moja na dakika 12 asubuhi. Gari lilikuwa limetazama mashariki, kwa hiyo jua changa lilikuwa nyuma ya mnyama na kumfanya awe mweusi kama mkaa. Hili ni jambo la kwanza la kukumbuka. Mnyama aliye kati yako na jua huwa mweusi hata kama ngozi yake ni ya rangi ya mchanga. Usiseme "alikuwa mweusi" kana kwamba umeona rangi. Umeona kivuli tu. Na usijaribu kumkuza mpaka ajae kioo kizima, kwa maana ukipita kiasi simu huanza kukuonyesha vijiraba, na macho yako yatachora madoa mahali pasipo na madoa. Pia, tumia picha ile ile iliyopigwa, si nakala iliyotumwa katika kundi la familia, kwani nakala hizo aghalabu hupunguzwa zikitumwa, na kinachopotea kwanza ni ncha za masikio na mkia.

Basi tukaanza na ukubwa. Mtu akiulizwa ukubwa wa mnyama wa mbali husema "mkubwa" au "mdogo", na maneno hayo hayana maana yoyote pasipo kitu cha kulinganisha. Kwa bahati nzuri, karibu na mnyama wetu walisimama kongoni wanne. Kongoni mzima ana kimo cha takriban sentimita 120 kutoka kwato hadi mabegani, na hiyo ndiyo rula yetu. Tulikuza picha kiasi, tukaiacha hapo bila kuigusa tena, kisha binti akaweka ukingo wa karatasi juu ya kioo na kutia alama kwa penseli. Kongoni aliyesimama ubavu alitoka milimita 16. Mnyama wetu alitoka milimita 11.

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Gawanya 11 kwa 16, kisha uzidishe kwa 120. Utapata kama sentimita 82. Bila shaka penseli yenyewe inaweza kukosea kwa milimita moja, na milimita moja hapa ni kama sentimita saba na nusu. Kwa hiyo tusiseme 82. Tuseme kati ya 75 na 90.

Sasa tazama hesabu hiyo inatupeleka wapi. Simba jike ana kimo cha mabegani cha kama mita moja au zaidi kidogo. Angetoka milimita 13 au 14. Bweha ana kama sentimita 40, naye angetoka milimita tano au sita tu. Chui mara nyingi huwa kati ya 60 na 70, kwa hiyo yuko chini kidogo ya kipimo chetu. Duma na fisi madoa wote wawili huwa kati ya 70 na 90. Baba mtu, aliyekuwa ameshikilia simba tangu Jumapili, akauliza kama kongoni wale hawakuwa karibu zaidi na gari kuliko mnyama.

Swali hilo ni zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu kipimo chote hiki kinasimama juu ya dhana moja: kwamba rula yako na mnyama wako umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Kama mnyama yuko nyuma ya kongoni, basi kwa kweli ni mkubwa kuliko anavyoonekana. Kama yuko mbele, ni mdogo zaidi. Utajuaje? Tazama miguu. Mahali palipo tambarare, ukipiga picha kutoka juu ya gari, aliye mbali zaidi kwato zake huonekana juu zaidi katika picha. (Mlimani au kwenye mteremko kanuni hii haifai kitu.) Miguu ya mnyama wetu ilikuwa chini kidogo tu ya miguu ya kongoni. Na katika picha ya pili, ambapo alikuwa amesonga mbele, kichwa chake kilikuwa kimeziba mguu mmoja wa kongoni. Hapo mjadala ukaisha. Anayekuziba yuko mbele yako. Mnyama wetu alikuwa karibu na gari kuliko kongoni, japo si sana, kwa hiyo kimo chake halisi hakizidi kile tulichopima. Simba akatoka mchezoni. Baba mtu akanyamaza, akaagiza chai.

Kuna mtego mwingine wa kupima, nao ni nyasi. Nyasi za sentimita 20 humfunika kongoni sehemu ya sita tu ya kimo chake, lakini humfunika bweha nusu nzima. Ndiyo maana wanyama wadogo kwenye nyasi ndefu huonekana wadogo kupita kiasi, na bweha huweza kudhaniwa sungura. Hapa kwetu nyasi zilikuwa zimelishwa zikawa fupi, na nyayo zilionekana. Kama zisingeonekana, ningemwambia binti apime kutoka tumboni hadi mgongoni badala ya mguuni, kwa wote wawili, ingawa kipimo hicho kinadanganya zaidi, kwa maana tumbo hujaa na kupungua.

Walibaki duma na fisi. Ngiri pia aliwahi kutajwa, lakini ngiri ana miguu mifupi na mwili kama pipa, na hafiki kimo hicho ila kwa nadra. Hapa ukubwa hauna la kusema tena. Umbo ndilo lisemalo. Nalo umbo lisomwe wakati mnyama amesimama ubavu, si anapokuja wala anapokwenda. Mnyama anayekutazama ana kwa ana ni nguzo yenye masikio, basi.

Anza na mstari wa mgongo. Duma mgongo wake umenyooka, pengine umebonyea kidogo katikati. Fisi madoa mgongo wake unateremka: mabega yako juu, matako yako chini, kana kwamba miguu ya nyuma imekatwa. Tulipoweka ukingo wa karatasi juu ya mgongo wa mnyama wetu, uliteremka waziwazi kuelekea nyuma. Lakini tahadhari, msomaji. Kongoni naye mgongo wake unateremka, na watu wengi humwita fisi kwa sababu hiyo wakimwona peke yake kwenye ukungu. Tofauti ni kwamba kongoni ana miguu myembamba kama fito na uso mrefu ulioinuliwa juu, ilhali fisi ana shingo nene na kichwa kizito kisichopanda sana juu ya mabega anapotembea.

Kisha kiuno na mkia. Duma ana kifua kirefu na tumbo lililoingia ndani, mfano wa mbwa wa mbio, na kichwa kidogo cha mviringo. Mkia wake ni mrefu, unazidi nusu ya urefu wa mwili, nao huning'inia na kujikunja nchani. Mnyama wetu hakuwa na kiuno. Mkia wake ulikuwa kijiti kifupi kilichoishia juu ya goti la nyuma. Nilimwomba binti atazame picha zote tatu, kwa sababu mkia unaweza kufichwa na mguu katika picha moja. Ulikuwa mfupi katika zote tatu.

Mazingira yaliongeza machache. Uwanda wa nyasi fupi unawafaa duma na fisi wote wawili, kwa hiyo haukuamua kitu. Kama picha ingekuwa ya msitu ulioko magharibi mwa mbuga, duma angekuwa na shaka tangu mwanzo. Saa ya asubuhi ilielekea kwa fisi, ambaye wakati huo hurudi kutoka matembezi ya usiku, ingawa duma pia huwinda asubuhi. Na kule kongoni kusimama wakimtazama kulionyesha tu kwamba ni mla nyama.

Basi ni fisi. Ila fisi yupi? Fisi madoa ana masikio ya mviringo. Fisi miraba ana masikio yaliyochongoka, nywele ndefu mgongoni na mkia wenye manyoya mengi. Masikio ya mnyama wetu yalikuwa vijiraba viwili vya simu. Mkia mwembamba na kimo chake vilielekea kwa fisi madoa, lakini sikutaka aandike zaidi ya alichokiona. Binti akakata neno la zamani kwa mstari mmoja, akaandika: "Fisi, yamkini fisi madoa. Uwandani, saa moja na dakika 12 asubuhi. Ametambuliwa kwa umbo na kimo."

Kisha akafungua ukurasa uliofuata, ambapo shangaziye alikuwa ameandika "Ndovu" chini ya donge kubwa jeusi karibu na vichaka. Hapo hatukuhitaji penseli. Mbuga ya Nairobi haina ndovu wanaoishi humo. Walibaki nyati na kifaru, na donge hilo lilikuwa na kichwa kirefu kilichoinama hadi kwenye nyasi na kinundu shingoni: kifaru mweupe, anayelisha.